Kujua kampuni ya ujenzi itaajiri lini kabla haijatangaza

"Wakuu, nina stashahada ya ugavi, huu mwaka wa pili natafuta kazi. Kila tangazo nikiomba tunakuta tuko mamia. Kuna watu wanasema wao wanajua kampuni itachukua watu hata kabla haijatangaza. Mnaangalia nini?"

Mkuu, mimi ni stoo kipa kwenye ujenzi, mwaka wa tisa huu. Nimefanya kazi sehemu nne, na tatu kati ya hizo niliingia bila tangazo lolote. Nitazungumzia zaidi barabara kwa sababu ndiko nilikozeekea.

Pa kuanzia ni NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi ulioanza 2023. Ukiingia nest.go.tz, huhitaji akaunti kuangalia zabuni zilizokwisha kupata washindi. Unaona kazi yenyewe, taasisi inayonunua, nani kashinda na kwa bei gani. Wengi wakishaona jina la mshindi wanatoa nakala za vyeti na kukimbilia ofisini kwake Dar. Pale mapokezi kuna boksi limejaa bahasha kama zako, na kazi yenyewe iko kilomita mia tano kutoka hapo.

Mimi nilikosea kwa namna nyingine. Kampuni moja ilipata barabara ya lami ya kilomita thelathini na kitu, kanda ya kati. Nikaona kwenye taarifa ya habari mkataba unasainiwa mbele ya wananchi, viongozi wapo, ngoma zinapigwa. Wiki ileile nikapanda basi, nikapanga chumba kijijini kwa elfu ishirini na tano kwa mwezi. Nilikaa miezi mitatu sijaona hata toroli.

Baadaye ndipo nikaelewa kinachotokea katikati. Mkandarasi akishasaini bado ana safari. Analeta dhamana ya utekelezaji kutoka benki, anakata bima, anakabidhiwa eneo la kazi, halafu anaomba malipo ya awali, ambayo nayo yanataka dhamana yake ya benki. Mkandarasi wa kawaida hana hela ya kuanza bila hayo malipo. Mpaka yaingie, anayelipwa pale ni mlinzi tu, na wakati mwingine hata huyo analipwa kwa ahadi. Kwa hiyo saini inakuambia kazi ipo. Haikuambii hela ipo.

Jambo la pili ndilo ambalo watu hawalipigii hesabu kabisa: huyo mshindi ana watu wake tayari au hana? Kampuni inayomalizia barabara mkoa wa jirani itahamisha timu yake nzima, kuanzia fomeni mpaka mpishi. Hapo utapata nafasi ya kibarua tu. Lakini kampuni iliyoshinda kazi mbili karibu kwa wakati mmoja, sehemu zilizo mbali, haiwezi kumkata stoo kipa vipande viwili. Kwa hiyo nikipata jina la mshindi, narudi kwenye orodha ileile kutafuta ushindi wake mwingine wa mwaka huo na uliopita. Kama ana kazi ya miezi kumi na minane aliyoianza juzi tu, najua watu wake wamebanwa kule.

Kazi yangu ya tatu niliipata kwa hesabu hiyo. Kampuni ilikuwa na mradi wa maji uliofika katikati, ikashinda na barabara mkoa mwingine. Sikwenda siku ile. Nilimtafuta bodaboda wa pale kijijini, nikawa nampigia kila baada ya wiki mbili kumuuliza vitu vitatu. Je, kuna wageni wamepanga nyumba nzima, siyo chumba? Kuna sehemu imesafishwa na kontena limeshushwa? Tangi la dizeli limefika?

Ikipangwa nyumba nzima kijijini ujue mhandisi na sevea wanakuja kulala. Kontena ni ofisi, au stoo. Ila tangi la dizeli ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu hakuna anayemwaga lita elfu kadhaa za mafuta porini halafu asiweke mtu wa kuyahesabu. Siku bodaboda aliponiambia "kuna tangi jeupe linapandishwa juu ya vyuma," nilisafiri usiku uleule.

Asubuhi nikamkuta fomeni getini. Nikamsalimia, akanikatisha: "Kaka, sisi watu wetu tunakuja nao." Sikumpa bahasha. Nikamuuliza tangi lile wanatoa mafuta kwa mita au kwa kijiti. Akaniangalia. "Kwa kijiti." Nikamwambia basi mtakuwa mnapima asubuhi kabla mitambo haijaondoka na jioni ikirudi, na kila mtambo uwe na ukurasa wake wenye masaa yake ya kazi, la sivyo mwisho wa mwezi mtagombana na madereva. Akacheka, akaniuliza nilikuwa wapi kabla ya pale. Niliandikwa mtunza muda kwanza, kwa posho ya siku. Simenti ya makalvati ilipoanza kuingia, wiki ya tatu, nikahamia stoo.

Mpangilio huo haubadiliki sana. Wa kwanza ni sevea, mlinzi, na mafundi wa kijijini wa kujenga kambi. Kisha yanaanza makalvati na mitaro, hapo wanatakiwa mafundi wa nondo, maseremala wa kusuka mbao za zege na vibarua wengi. Maopareta huwa wanakuja na mitambo yao, usijisumbue. Stoo, karani na mtunza muda huingia kati ya kambi na makalvati, na dirisha lao ni wiki mbili au tatu. Ukifika lami inamwagwa, umechelewa mwaka mzima.

Vibarua mara nyingi wanapitia kwa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo pita kwake ujitambulishe na uwe na barua ya serikali ya mtaa wako. Akikutokea mtu getini anayetaka elfu hamsini ya "fomu," mwache. Fomeni anayehitaji mtu hauzi fomu.

Kwa majengo ya mjini, soma kibao cha mradi. Kinakupa mwenye jengo, mkandarasi, mshauri, na mara nyingine tarehe ya kuanza na kumaliza. Kama tarehe ya kumaliza imepita na rangi ya kibao imefifia, hapo kuna mgogoro au hela imekata, hata kama uzio wa mabati unang'aa. Nondo zilizochomoza juu zikiwa na kutu nzito zinasema hivyohivyo. Jengo linaloenda vizuri unaliona kwa magari: lori la kokoto leo, kesho lile la zege.

Kwa wewe wa ugavi jengo lina mlango wa pili, ambao barabara haina. Mkandarasi akiondoka, anaingia mpangaji. Likiwa la supamaketi au hoteli, tazama nyuma, sehemu ya kushushia mizigo. Siku yakishushwa majokofu makubwa na rafu za vyuma, mwulize dereva anapeleka kwa nani, kwa sababu mtu wa kupokea ule mzigo na kuusaini aidha ameajiriwa wiki hiyo, au bado hawajampata na anayesaini ni mhasibu huku amekunja uso.