Jibu: Mishahara ya Samoa, Desemba 2011

"Nakagua mishahara ya zamani ya Samoa. Wiki ya mwisho ya Desemba 2011 mahudhurio ni siku nne, malipo ya siku tano. Kuna wizi?"

Salaam mkuu. Usimshuku mhasibu bado, angalia kwanza tarehe zenyewe. Alhamisi tarehe 29 ilipoisha usiku wa manane, Samoa ilihamia magharibi ya mstari wa tarehe na kukapambazuka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa tarehe 30 haikuwepo kabisa. Serikali iliagiza waajiri wailipe kama siku iliyofanyiwa kazi, kwa hiyo anayelipwa tala 40 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, alistahili 200, si 160.

Penye hatari zaidi ni kwa walinzi na wengine wanaolipwa kwa saa. Kutoka saa mbili asubuhi ya tarehe 29 hadi saa mbili asubuhi ya tarehe 31 zilipita saa 24 tu, lakini ukitoa tarehe kwa tarehe kwenye jedwali unapata 48. Tumia programu inayojua maeneo ya saa, geuza kila muda kutoka eneo la Pacific/Apia kwenda UTC kabla ya kutoa, hesabu itakaa sawa. Ukikuta mtu kasaini mahudhurio ya tarehe 30, hapo sasa mwite mhasibu.