Insha ya Durkheim: mpe na Mwarunta nafasi aseme

Msomaji mmoja wa mwaka wa kwanza kanitumia insha yake ya sosholojia ya dini. Mhadhiri kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Waumini wako wapi?" Mimi enzi zangu niliandikiwa "haya ni mahubiri", na neno hilo halijanitoka mpaka leo. Ila insha yangu iliyofuata ilisomwa mbele ya darasa zima, kwa hiyo nisikilizeni.

Marx na kauli yake ya 1844 kwamba dini ni kasumba ya watu nilimwacha, kila mtu huanza naye. Nilibaki na Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa. Kitabu chake cha 1912 kuhusu dini kimesimama juu ya Waarunta wa Australia ya kati, watu ambao hakuwahi kuwaona. Alisoma habari zao kwa Spencer na Gillen, watafiti waliofika kwao. Kilichomshika ni churinga, kipande cha mti au jiwe chenye alama za totemu, yaani mnyama au mmea ambao ukoo hujitambulisha nao, kinachofichwa mahali ambapo wanawake na wavulana wasiopita jandoni hawakaribii. Akaona kwamba alama ya mnyama inatukuzwa kuliko mnyama mwenyewe. Basi utakatifu unatoka wapi? Akajibu: kwa ukoo. Kwa muda mrefu watu hutawanyika kutafuta chakula, kisha hukutana kwa ngoma na ibada, na kila mmoja huhisi kashikwa na nguvu inayomzidi. Nguvu hiyo ni ya kweli, ni ya kundi, ila wao huibandika kwenye alama iliyo mbele ya macho yao.

Sasa fungua Spencer na Gillen hao hao usikie Waarunta wanasemaje. Churinga ni ya mhenga wa zama za Alcheringa, aliyepita katika nchi hii na kuzama ardhini mahali fulani; roho yake ilibaki pale, na huzaliwa tena ndani ya mtu aliye hai. Wao wanataja mahali, safari na nasaba.

Msikimbilie kuandika kwamba muumini hajui na msomi anajua. Durkheim mwenyewe alisema hakuna dini ya uongo. Andikeni kila maelezo yanakwama wapi. Durkheim anaeleza kwa nini jiwe la kawaida linaweza kutukuzwa. Kwa nini liwe jiwe hili, la mahali hapa, Mwarunta ndiye anayekwambia.

Kisha mjaribuni Durkheim kwa mtu aliye peke yake. Shangazi yangu huamka saa tisa usiku kuswali tahajudi, nyumba nzima imelala. Nilipomweleza habari za kundi akaniuliza, "Huyo Mzungu wako alishawahi kuamka?" Durkheim angejibu kwamba kundi limo ndani ya shangazi, ndilo lililomfundisha kuswali. Sawa. Lakini kundi likiwapo ni ushahidi, lisipokuwapo pia ni ushahidi. Nadharia ya namna hiyo itapatikana wapi na kosa? Swali hilo liwekeni kabla ya hitimisho, na maneno ya muumini yaandikwe kama alivyoyasema.