Maswali yenu: sentimita za shingo zinasema nini?

Daktari, nimezoea kupimwa kiuno. Shingo inahusikaje na mafuta ya mwilini?

Mafuta ya mwilini hayana tabia moja. Yale ya mapajani na makalioni hutulia pale yalipo. Yale ya sehemu ya juu ya mwili huachia asidi za mafuta kwenye damu kwa wepesi zaidi, na zikizidi, ini na misuli huanza kuipuuza insulini. Hapo sukari na mafuta ya damu hupanda. Daktari Mfaransa, Jean Vague, alishaeleza tofauti hii ya mahali mafuta yanapokaa tangu 1947.

Shingo ni dirisha la mafuta hayo ya juu. Watafiti wa Framingham, Marekani, walionyesha mwaka 2010 kwamba shingo nene iliambatana na shinikizo la damu na sukari ya juu hata baada ya kuzingatia mafuta ya ndani ya tumbo. Kwa hiyo haikirudii tu kile kinachosemwa na kiuno. Tena shingo haibadiliki ukiwa umeshiba au ukivuta tumbo ndani, ujanja ambao sisi madaktari tunaufahamu sana.

Nimejipima mara tatu nikapata 36, 38 na 39. Nishike ipi?

Usishike hata moja. Tofauti ya sentimita tatu maana yake ni kwamba utepe ulikaa mahali tofauti kila mara, na kutafuta wastani hakutakusaidia.

Simama wima, mabega yalegee, macho yatazame mbele. Tafuta kile kinundu cha koo kinachopanda ukimeza mate, kisha weka utepe chini yake tu. Kwa mwanamke ambaye kinundu hakionekani, pima katikati ya shingo. Utepe uguse ngozi bila kuibonyeza. Kosa kubwa hutokea nyuma: ukijipima mwenyewe, utepe huteleza hadi penye misuli ya mabega na namba inaruka. Mwombe mtu mwingine akupime mara mbili. Vipimo vikipishana zaidi ya nusu sentimita, apime tena.

Nina kilo 71 na urefu wa sentimita 170, kwa hiyo nimeambiwa uzito wangu ni sawa. Lakini shingo ni 41. Nina miaka 53, sifanyi mazoezi ya kubeba vyuma. Niwe na wasiwasi?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike juu ya shingo wiki hii. Gawanya 71 kwa 1.70 mara 1.70, unapata 24.6, chini ya 25, kweli ni sawa. Ila hesabu hiyo haijui mafuta yako yako wapi. Shingo ya 41 kwa mtu asiye na misuli ya mazoezi inaonyesha kwamba huenda yamejikusanya juu.

Kwako ningeanza na usingizi. Mafuta yanayozunguka koo huibana njia ya hewa ukilala chali, na pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kwa usiku mmoja. Lipo dodoso la maswali manane linaloitwa STOP-BANG, kila jibu la ndiyo ni alama moja. Wewe tayari una tatu: ni mwanamume, umepita miaka 50, na shingo imezidi 40. Alama tatu au nne ni hatari ya wastani, tano na kuendelea ni kubwa. Muulize anayelala nawe kama unakoroma kwa sauti au unanyamaza ghafla kisha unashtuka ukitafuta hewa. Jiulize kama unasinzia mchana. Pima shinikizo la damu, maana nalo lina alama yake, kisha pima sukari kabla ya kula asubuhi. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama unahitaji kipimo cha usingizi.

Mke wangu ana 35 na kwenye chati amewekwa upande wa hatari. Ni mgonjwa?

La. Mipaka inayotajwa sana, 37 kwa wanaume na 34 kwa wanawake, ilitokana na utafiti wa Israeli wa 2001, na lengo lake lilikuwa kuwatenga wasio na uzito uliozidi. Aliye chini ya mpaka anaachwa, aliye juu anapimwa zaidi. Ni chekeche tu. Jamii nyingine zimepata mipaka inayopishana kidogo, kwa hiyo sentimita moja juu haimtii mtu ugonjwa.

Shingo yangu imenenepa ndani ya miezi michache, mwili haujaongezeka. Ni mafuta?

Sidhani. Mbele ya kioo, inua kidevu kidogo umeze maji. Ukiona uvimbe unapanda pamoja na koo, huenda ni rovu. Matezi ya pembeni yaliyovimba nayo huongeza mzunguko. Hapo weka utepe kando, nenda ukapapaswe shingo na daktari.