Kuomba awamu ya pili ya ruzuku: maswali kutoka Vihiga, Kisumu na Nakuru

Tumetumia shilingi 1,860,000 kati ya 2,400,000 za awamu ya kwanza, na mkataba unataka tufikishe asilimia 75 kabla ya kuomba nyingine. Lakini benki inaonyesha 567,000, si 540,000. Tuandike barua sasa? (Mhazini wa kikundi cha kulinda chemchemi, Vihiga)

Msiandike bado, ingawa sababu si hiyo tofauti ya benki. Katika jedwali mlilonitumia kuna hundi ya 40,000 ya muuza saruji ambayo hajaipeleka benki, na kuna 13,000 kwenye simu ya kikundi ya M-Pesa. Ukichukua 567,000, ukatoa 40,000 na kuongeza 13,000, unapata 540,000 kamili. Hesabu hiyo iandikwe chini ya jedwali la matumizi kwa mistari minne, kwa sababu afisa wa mfadhili ataweka taarifa ya benki kando ya barua yenu na kutafuta salio lilelile. Hundi hiyo ni matumizi halali ikiwa saruji imeshapokewa na hati ya kupokea mzigo ipo.

Kinachonitia wasiwasi ni 90,000 walizopewa maafisa wawili wa nyanjani kwa mafunzo ya kamati za maji, ambazo mmeziweka chini ya fungu la mafunzo. Hayo ni masurufu. Mpaka afisa alete stakabadhi, orodha ya waliohudhuria yenye sahihi zao na chenji iliyobaki, fedha hizo bado ni za mradi zilizo mikononi mwa mtu, na mahali pake ni kwenye salio. Mkiziondoa, matumizi yanashuka hadi 1,770,000, ambayo ni asilimia 73.75, nalo salio linakuwa 630,000. Mmepungukiwa na 30,000 tu. Waiteni maafisa hao wiki hii warejeshe masurufu. Stakabadhi zikifika angalau 30,000, mtakuwa mmevuka kiwango kwa haki. Mkipeleka jedwali kama lilivyo na mkaguzi akayakuta masurufu hayo baadaye, mtaonekana mliombea fedha hesabu isiyo ya kweli, na hapo hata matumizi yenu yaliyo safi yataanza kutiliwa shaka. Ningesikitika sana kuona chemchemi zilizojengwa vizuri namna hiyo zikikosa fedha za kumalizia kwa sababu ya safu moja ya jedwali.

Bajeti ya usafiri ilikuwa 150,000, nasi tumetumia 195,000. Fungu la mafunzo lina nafasi. Tuhamishie hizo 45,000 huko ili jedwali lisilete maswali? (Mratibu wa mradi, Kisumu)

Hapana. Stakabadhi ya mafuta haiwezi kugeuka kuwa ya mafunzo, na mtu wa kwanza kufungua faili ataiona. Iacheni tofauti ionekane kwenye safu yake, kisha mwisho wa mstari muandike sababu. Wafadhili wengi huruhusu fungu kuzidi kwa takriban asilimia 10 bila kuomba kibali, lakini yenu imezidi kwa asilimia 30, kwa hiyo someni kifungu cha mabadiliko ya bajeti katika mkataba wenu na muombe idhini kwa barua ya peke yake, kabla ya hii ya awamu. Maelezo yasiishie kwenye “gharama zilipanda”. Ninyi mmenieleza vizuri zaidi kwa simu, na maneno yenyewe yanatosha: “Mvua za masika ziliharibu barabara, lori likashindwa kufika, mawe na mchanga vikabebwa kwa trekta kwa safari tisa badala ya nne.” Ambatisheni stakabadhi za trekta.

Ratiba ya mkataba inasema awamu ya pili ni shilingi 2,000,000. Tuombe zote, au tutoe salio tulilo nalo? (Mkurugenzi wa shirika dogo, Nakuru)

Mkataba ndio unaoamua. Palipo na kiasi kisichobadilika, ombeni 2,000,000 na mtaje salio waziwazi. Palipoandikwa kwamba malipo yatafuata mahitaji, wekeni makadirio ya kila mwezi kwa kipindi kijacho, kisha mtoe salio. Kazi ya miezi minne ikihitaji 2,000,000 nanyi mna 320,000, ombi lenu ni 1,680,000. Salio ambalo tayari lina deni, kwa mfano fundi aliyemaliza kazi na hajalipwa, lielezwe hivyo, la sivyo mfadhili atadhani fedha zimelala.

Barua yenyewe iwe na nini, na nani atie sahihi? (Katibu, Kisumu)

Ukurasa mmoja unatosha: namba ya mkataba, kipindi cha taarifa, kiasi kilichopokewa, kilichotumika, salio na kiasi kinachoombwa, tarakimu zote zikiwa zilezile za jedwali. Watie sahihi wale waliotajwa katika mkataba. Namba ya akaunti ibaki ileile. Ikiwa mmehamia benki nyingine, toeni taarifa hiyo mapema kwa barua tofauti, kwa maana ombi la fedha linalokuja na akaunti mpya husimamishwa mara moja kwa hofu ya utapeli.