Kidonge cha asubuhi si cha daku

Shaaban ikifika katikati, dirishani kwenye duka la dawa ninakofanya kazi hapa Tanga swali huwa lile lile. "Mwanangu, hivi vya asubuhi na jioni si nitavimeza tu daku na futari?" Anayeuliza ameshajijibu tayari, anachotaka ni mimi niitikie ili aondoke. Kwa dawa nyingi ningeitikia bila wasiwasi. Lakini ziko dawa za sukari ambazo hesabu hiyo ndiyo inayowaangusha watu alasiri, na wenyewe wakadhani ni saumu imewakolea.

Nieleze kwa dawa za shangazi yangu, maana anazo karibu zote zinazosumbua. Ana sukari na presha. Alikuwa akimeza glibenklamaidi ya miligramu 5 asubuhi na jioni, metfomini ya miligramu 500 mara tatu kwa siku, amlodipini kidonge kimoja, na kile kidonge cha presha kinachoongeza mkojo, ambacho alizoea kukimeza asubuhi ili usiku alale.

Glibenklamaidi, ile ambayo wengine bado wanaiita Daonil, inailazimisha kongosho itoe insulini. Haiangalii kama umekula au hujala. Ukimeza asubuhi ya siku ya kawaida, mbele yako kuna chai na chapati, kuna cha mchana, na huenda jioni ukapata andazi. Insulini ikitoka inakuta chakula. Sasa hamishia kidonge hicho daku. Umekula saa kumi alfajiri, na kuanzia hapo hadi magharibi ni kama saa 14 na nusu hakiingii kitu tumboni. Dawa yenyewe inaweza kufanya kazi hadi saa 24. Kwa hiyo adhuhuri sukari imeanza kushuka, na alasiri, wakati huo huo mgonjwa anapokuna nazi na kusimama jikoni, ndipo inapofika chini kabisa.

Utamjua. Anatoka kijasho chembamba ilhali amekaa kivulini, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, anakuwa mkali bila sababu, kisha maneno yanaanza kugongana. Walio nyumbani watasema njaa imemshika, tumwache apumzike kidogo, futari imekaribia. Hapo ndipo pa kuogopa. Mgonjwa wa sukari anayelala alasiri ya Ramadhani huku akitoka jasho, mwamsheni mumpime.

Metfomini ni habari nyingine. Haiikamui kongosho, inalizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu na inausaidia mwili kuitumia insulini iliyopo. Ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Hiyo ndiyo unaweza kuigawa daku na futari bila hofu kubwa.

Nilimpeleka shangazi kliniki mapema, zaidi ya mwezi kabla ya mfungo, na hili ndilo ningependa kila mtu alifanye, kwa sababu dawa ikibadilishwa inahitaji siku kadhaa za kupima na kurekebisha kabla hujaanza kufunga. Daktari alimwondoa kwenye glibenklamaidi akampa gliklazaidi, dawa ya jamii hiyo hiyo lakini isiyoelekea sana kuishusha sukari kupita kiasi. Katika siku za kawaida akawa anameza miligramu 80 asubuhi na 80 jioni. Kwa ajili ya Ramadhani mpangilio ukageuzwa: 80 kamili wakati wa kufuturu, maana hapo ndipo penye mlo mkubwa, na daku nusu yake, yaani 40. Metfomini ile ya mara tatu ikawa vidonge viwili futari na kimoja daku. Idadi ya siku nzima haikupungua, kilichopotea ni kile kipindi cha mchana tu.

Shangazi alipinga. "Yaani jioni nimeze rundo, na alfajiri ninapoanza safari ndefu nimeze kidogo?" Ndivyo hivyo, shangazi. Dawa inakifuata chakula, na chakula kiko jioni.

Kuna jambo dogo kuhusu kukata kidonge. Pakiti ikiwa na herufi SR, XR au MR, kidonge hicho kimetengenezwa kitoe dawa polepole, na ukikikata au kukiponda ovyo dawa inaweza kutoka yote kwa mara moja. Ukiambiwa umeze nusu, uliza kwanza kama hicho ulichonacho kinakatika.

Wa insulini mpangilio unafuata mantiki hiyo hiyo. Mtu anayechoma insulini ya mchanganyiko, tuseme yuniti 30 asubuhi na 20 jioni, mara nyingi daktari humwambia zile 30 za asubuhi azihamishie futari, na zile 20 za jioni azipunguze nusu ziwe 10 za daku. Nasema mara nyingi kwa sababu namba zake zitatoka kwa daktari wake baada ya kuona vipimo, wala asizichukue hapa. Kitu kimoja hakina mjadala: insulini haiachwi kabisa eti kwa sababu hakuna kula.

Vipimo vyenyewe watu wanaviogopa, wanadhani tone la damu linafunguza. Baraza la Kimataifa la Fikihi lilipokutana Jidda mwaka 1997 liliorodhesha kuchukuliwa damu kwa ajili ya kipimo, na sindano zisizo za lishe, miongoni mwa mambo yasiyobatilisha saumu. Kwa hiyo pima. Shangazi alikuwa akipima kabla ya daku, saa sita mchana, alasiri, na saa mbili baada ya kufuturu. Vijiti vikiwa vichache, usiiache ile ya alasiri. Mashine ikisoma chini ya 3.9 mmol/L unafungua hapo hapo, hata kama adhana ni baada ya nusu saa. Ikisoma juu ya 16.6 unafungua vilevile, kunywa maji na kutafuta matibabu. Ikishuka, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha kula chakula cha kushiba. Kwa mtu aliyemeza vidonge vya kukamua kongosho usiridhike na kupanda kwa mara ya kwanza, sukari hurudi kushuka. Aangaliwe saa kadhaa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

Naongeza hapa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mwenye sukari anayetumia pia atenololi au propranololi kwa ajili ya presha huenda asitetemeke wala asisikie moyo ukienda mbio sukari inaposhuka. Linalobaki ni jasho. Kwake yeye jasho peke yake linatosha kumfanya achukue mashine.

Na daku yenyewe iwe daku. Huku kwetu wapo wanaokula wali saa nne usiku, wanameza dawa, wanalala moja kwa moja hadi asubuhi, na wanaita hiyo ni daku. Hesabu saa hizo: kutoka saa nne usiku hadi magharibi ya pili ni saa 20 na ushei. Hakuna mpangilio wa dawa uliotengenezwa kwa ajili ya mfungo wa namna hiyo. Mwenye sukari aicheleweshe daku ikaribie adhana, na akiikosa kwa kulala, kile kidonge cha daku asikimeze akiwa na tumbo tupu, na siku hiyo ni bora asifunge. Upande wa futari mnajua wenyewe. Tende moja au mbili haina neno. Uji wenye sukari, kaimati na juisi ya ukwaju kwa pamoja ndivyo vinavyofanya kipimo cha usiku kikimbie.

Upande wa presha mambo ni mepesi zaidi. Amlodipini inakaa mwilini muda mrefu, hivyo futari au daku ni sawa, ilimradi saa isibadilike badilike. Kidonge cha mkojo ndicho tulichokihamisha. Ukikimeza daku kitakutoa maji asubuhi nzima na huna ruhusa ya kuyarudisha, na miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazi, joto unalijua. Mtu anasimama kutoka kwenye sijida, dunia inazunguka. Kikimezwa futari utaamka chooni mara kadhaa, lakini utakuwa unakunywa maji. Ukiona jina losartani limefuatwa na H au HCT kwenye pakiti, dawa ya mkojo imo humo ndani, na isogezwe futari vilevile. Wanaotumia kaptoprili mara tatu kwa siku waombe dawa ya mara moja. Zipo, na hazina haja ya kidonge cha mchana. Ila usiache dawa ya presha mwezi mzima kwa kuwa unajisikia vizuri. Atenololi hasa, ikikatwa ghafla, mapigo na presha hurudi kwa kishindo.

Pumu sitaikalia sana, lakini kuna bahati ambayo sisi wa karibu na ikweta tunayo. Pampu ya kuzuia, ile ya kahawia kwa wengi, hutumika mara mbili kwa siku, na daku na futari zetu zimeachana karibu na nusu siku. Hakuna cha kubadilisha. Vuta kabla ya adhana ya alfajiri, sukutua mdomo, basi. Kosa ninaloliona ni watu kuiacha hiyo ya kahawia mwezi mzima wakabaki na ya bluu "ya dharura", kisha wanashangaa kifua kinabana wakati wa kukaanga sambusa au udi ukichomwa baada ya tarawehe.

Kuhusu ile ya bluu mchana, masheikh wamekhitilafiana: wapo wanaosema haifunguzi kwa kuwa si chakula, na wengi niliowasikia huku kwetu wanasema inafunguza. Ukiwa mzima, muulize sheikh wako upendavyo. Ukiwa huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, vuta kwanza, swali la kulipa litafuata. Na anayeihitaji kila siku mchana, pumu yake haijatulia, aonane na daktari kabla ya kuendelea kufunga.

Wapo ambao mpangilio wowote hautawatosha: mwenye sukari ya utotoni isiyotulia, mjamzito mwenye sukari, mwenye figo zilizochoka, na aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka katika miezi ya karibuni. Hao aya ya 184 ya Suratul Baqara imewataja kwa jina la wagonjwa, wana siku nyingine au fidia.

Shangazi hufunga na sita baada ya Idi. Tuliandika karatasi mbili, moja ya siku ya kufunga na moja ya siku ya kula, tukazibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Idi mosi asubuhi anarudi kwenye karatasi ya kula, kidonge kizima pamoja na chai. Siku atakayonuia sita, ile nusu ya gliklazaidi inarudi daku.