Maswali yenu ya Kihispania: gustar sio kupenda, ni kama kuuma

Nimeandika "Yo gusto los mangos" mwalimu kakata yote. Si nimesema tu napenda maembe?

Shida umeingia na kupenda kichwani. Iweke pembeni, shika kuuma. Ukisema kichwa kinaniuma, anayefanya kazi hapo ni nani? Ni kichwa, wewe umebanwa katikati kwenye hiyo "ni" unapokea maumivu tu. Gustar iko hivyohivyo, maembe ndo yanafanya kazi na wewe unakaa kwenye "me": me gustan los mangos, maembe yananipendeza. Ile -n ya mwisho ni ya maembe kwa sababu ni mengi, likiwa hili moja tu unasema me gusta este mango. Sasa wewe uliposema yo gusto umejitangaza kwamba unayependeza ni wewe, afu maembe ya watu yamebaki yananing'inia hayana pa kukaa.

Naomba unikagulie: "A mi abuela le gusta los mangos pero ella duele los pies." Nataka kusema bibi anapenda maembe lakini miguu inamuuma.

Mwanzo umepiga vizuri, A mi abuela le, na mtu asikwambie le imezidi eti kwa sababu bibi kashatajwa. Sisi wenyewe tunasema bibi miguu inamuuma, bibi katajwa na -m- bado ipo, au sio? Ukiitoa le hapo sentensi inavunjika.

Umeteleza kwenye gusta. Kinachopendeza ni los mangos, wingi, kwa hiyo gustan. Hili ndo kosa ninalokutana nalo kuliko yote na chanzo chake ni mpangilio, kwa sababu kinachopendeza kwa kawaida kinakaa nyuma ya kitenzi, jicho linaanza na abuela linaona mtu mmoja basi mkono unaandika umoja. Mi huwa nawaambia wafunike kwa kidole kila kitu kilichotangulia kitenzi. Kinabaki "gusta los mangos", hapo kosa linajitokeza lenyewe. Na abuela ana ile a mbele yake, jina lenye hiyo a haliwezi kuwa mwenye kitenzi hata siku moja.

Nusu ya pili sasa, ella duele. Hapo bibi kageuka jino bovu, yeye ndo anauma! Toa ella, weka le, afu uliza kinachouma nini, ni los pies, miguu miwili, basi duelen. Ila umenifurahisha kuandika los pies bila kusema "yake", maana wengi wanaweka sus pies kwa nguvu wakati Kiswahili chao wenyewe kinasema miguu inamuuma na kila mtu anajua ni miguu ya nani.

Ikikaa sawa: A mi abuela le gustan los mangos, pero le duelen los pies.

Kama ni hivyo mbona "Me gusta nadar y leer" haina -n? Si vitu viwili?

Sema kwa Kiswahili: kuogelea na kusoma kunanipendeza. Umeona hiyo ku-? Ziwe mbili ziwe tano inabaki ku-. Vitenzi visivyo na mtu havina wingi, Kihispania nacho kinaviachia gusta ya umoja hata ukivipanga foleni.

"Le gusta" ni mwanamke au mwanaume?

Haijulikani, kama -m- yetu tu, na inaweza kuwa hata yule unayeongea naye kwa heshima, usted. Ukitaka kuonyesha unaongeza a ella, a él au a usted mbele, na le inabaki palepale. Wakiwa wengi ni les.

Naweza kumwambia rafiki "me gustas"?

Taratibu hapo! Sarufi iko sawa, gustas ina -s kwa sababu anayependeza ni "wewe", ila watu wanaisikia kama unamtongoza. Mi niliwahi kumwambia hivyo mama mmoja aliyenipangisha chumba, nilitaka tu kusema ni mtu poa, akacheka mpaka akakaa chini, afu akanifundisha niseme me cae bien. Mtu wa rika lako unamwambia me caes bien, mtindo uleule, yeye ndo mwenye kitenzi na wewe uko kwenye me. Na bibi yako ukitaka kusema unampenda, gustar iache kabisa, hapo ndo kupenda yetu inarudi na inatembea kama kawaida, wewe mbele yeye nyuma: quiero a mi abuela.