Geji ya plagi: wote wakikubaliana

"Geji ya tundu la milimita 10 H7. Watu watatu wamepima vipande 30 vya kwenye boksi, wamekubaliana vyote. Tumefaulu?"

Bado, ndugu. Vya kwenye boksi karibu vyote ni vizima, geji haijajaribiwa. Chukua 50, pima matundu kwanza kwa maikromita ya ndani, na vingi viwe jirani na mipaka ya H7, 10.000 na 10.015, vingine nje kidogo. Vipe namba za siri, vichanganye, kila mtu apime mara tatu. Kwetu tundu la 10.014 ndilo lililotutenganisha: mmoja alikuwa anasukuma upande wa kukataa, ule usiotakiwa kuingia kwenye tundu zima, kwa nguvu mpaka unaingia.

Kuna aliyesema kapa, yaani kipimo cha makubaliano kati ya wapimaji, ikizidi 0.75 inatosha; kapatia nusu. Mlinganishe pia kila mtu na kipimo halisi: upande wa kupita ukilika, wote watapitisha tundu dogo kwa kauli moja.

— Mimi geji yangu ni ya nyuzi za skrubu. Vipande 50 hivyo vinahusu?

— Utaratibu ni huohuo, mkuu. Shida yako itakuwa kipimo halisi, nyuzi za ndani ni ngumu kupima. Aliyewahi atusaidie.